Kuanza sentensi na "Na" au "Lakini": kosa liko wapi hasa?

"Shikamoo mwalimu. Nafundisha Kiswahili S2, yaani kidato cha pili, huku Masaka, Uganda. Mkuu wetu wa idara, ambaye anafundisha na Kiingereza, anazungushia wekundu kila sentensi inayoanza na Na au Lakini, anasema ni kosa la sarufi. Sasa watoto wanaogopa hata kuandika. Kweli ni kosa la sarufi au ni mtindo tu? Na kama ni mtindo, niwafundishe nini?"

Marahaba mwalimu mwenzangu. Ni mtindo. Hakuna kanuni ya sarufi ya Kiswahili inayokataza hayo maneno mawili yasikae mbele, na mkuu wako akikubishia mwambie akuonyeshe imeandikwa wapi. Lakini usikimbilie kusherehekea, kwa sababu ndani ya zile sentensi anazozungushia kuna chache ambazo kweli zimevunjika, ila zimevunjika kwa sababu nyingine kabisa, na hiyo sababu ndiyo mtoto hajawahi kuambiwa. Anaona tu duara jekundu kwenye Na, anafuta Na, kosa linabaki palepale.

Kwanza hiyo kanuni yenyewe ilikotoka. Ni ya darasa la Kiingereza, ilikuja na shule, na hata huko haikuwa kanuni ya sarufi. Watoto wadogo wakianza kuandika wanaunganisha kila kitu kwa "na, na, na" mpaka ukurasa unaisha, kwa hiyo walimu wakaona dawa rahisi ni kupiga marufuku moja kwa moja. Ikageuka amri, waliolelewa nayo wakaja kuwa walimu, wakaipitisha mbele. Waandishi wa Kiingereza wenyewe hawakuifuata. Ile Biblia yao ya mwaka 1611, sura ya kwanza ya Mwanzo ina aya 31, na ukitoa aya ya kwanza na ya 27, zote zilizobaki zinaanza na neno lao la "na". Na mwongozo wa uandishi wa Chuo Kikuu cha Chicago, ambao wahariri wengi duniani wanautumia, unasema wazi kwamba katazo hilo halina msingi, tena kwamba katika maandishi mazuri sentensi zinazoanza na viunganishi mara nyingi zinaweza kufika hata asilimia 10. Kwa hiyo mkuu wako ameleta kwenye Kiswahili sheria ambayo hata kule ilikotoka haishiki.

Sasa tuje kwetu. Chukua Biblia ya Kiswahili ile ya 1952, Union Version, ambayo iko kwenye nyumba nyingi za Wakristo wanaosoma Kiswahili. Mathayo sura ya 5, aya ya 36 inaanza "Wala usiape kwa kichwa chako", ya 37 inaanza "Bali maneno yenu yawe". Viunganishi viwili vimekaa mbele, aya kwa aya, na hakuna mtu amewahi kusema wale wafasiri hawakujua Kiswahili. Fungua tafsiri za Kurani kwa Kiswahili pia, utakuta aya nyingi sana zinaanza na Na. Haya ni maandishi yaliyopitiwa na watu wa lugha neno kwa neno, siyo meseji za simu.

Lakini hiyohiyo Mwanzo sura ya kwanza kwa Kiswahili ndiyo inayonifanya niseme usiwaachie watoto mlango wazi. Angalia wafasiri walifanya nini. Kiingereza kinasema "Na Mungu akasema, na Mungu akaona, na Mungu akatenga", mfululizo. Kiswahili kinasema: "Mungu akasema, Iwe nuru, ikawa nuru. Mungu akaona ya kuwa nuru ni njema." Na zote zimepotea! Hazikufutwa ovyo, zimeingia ndani ya kitenzi. Ile KA iliyo katikati ya akasema, akaona, ikawa, ndiyo inayobeba maana ya "halafu", "na baada ya hapo". Kiswahili kimeshaweka kiunganishi chake kwenye tumbo la kitenzi, kwa hiyo ukiongeza Na mbele yake umebeba kitu kilekile mara mbili. Na nukta haikati huo mnyororo, angalia "Mungu akaona" imekuja baada ya nukta na bado msomaji anajua imeunganishwa na ya nyuma.

Hapa ndipo penye tatizo la watoto wetu wa Uganda kuliko mahali pengine popote, na walimu wengi hatulisemi darasani. Mtoto anayefikiri kwa Luganda ana kitu kinachofanana na KA lakini kinakaa mahali tofauti. Kwa Luganda atasema "Yagenda mu katale n'agula ennyaanya", alikwenda sokoni akanunua nyanya. Ile n' iliyo mbele ya agula ndiyo inafanya kazi ya KA yetu, na ukiisikia kwa sikio ni "na" kabisa. Sasa mtoto akihamia Kiswahili anafanya nini? Anakuja na n' yake, anaigeuza kuwa Na, halafu anakumbuka mwalimu alimfundisha KA, anaiweka nayo. Inatoka "Alikwenda sokoni na akanunua nyanya". Halafu anaweka nukta katikati: "Alikwenda sokoni. Na akanunua nyanya." Hajavunja sarufi, watu wanasema hivyo kila siku, hata Mombasa na Dar utaisikia. Ila amelundika. Sentensi moja ya hivyo haidhuru, kumi mfululizo zinamchosha msomaji mpaka anaacha kusoma.

Kwa hiyo ukimwambia mtoto "usianze na Na" hujamsaidia, kwa sababu ataandika "Halafu akanunua. Kisha akarudi. Baadaye akala", yaani ule mzigo wa pili ameubadilishia jina tu. Mwambie hivi: KA imeshaunganisha, amini KA. Ukimwonyesha mara mbili tatu kwa mfano wa Luganda wake mwenyewe anaelewa haraka sana, kwa sababu unamwonyesha kwamba ile n' yake haijapotea, imehamia ndani ya kitenzi.

Hebu tufanye kazi na mfano kamili. Hii insha nimeitunga mimi lakini kila sentensi ni ya aina ninayoikuta nikisahihisha:

"Jumamosi mama alinituma soko la Nakasero. Na nikapanda teksi. Na nikafika saa nne. Na nikaanza kutafuta nyanya. Na kuuliza bei. Naye bei ilikuwa juu. Lakini nilikuwa na shilingi elfu kumi tu. Lakini muuzaji alinipunguzia. Na nikarudi nyumbani."

Sentensi tisa. Kwa kalamu ya mkuu wako nane zina duara jekundu, yaani mtoto anarudishiwa karatasi inayosema kwamba hajui kitu chochote isipokuwa sentensi ya kwanza. Sasa tuzipitie pole pole tuone zilizovunjika ni ngapi.

Zile tatu za mwanzo, nikapanda, nikafika, nikaanza, nimeshasema, zimelundika tu. Ukitoa Na tatu hakuna kinachopungua, unaweza hata kuziweka kwenye sentensi moja kwa koma kwa sababu ni safari moja.

"Na kuuliza bei." Hii ndiyo imevunjika kweli. Kiswahili kina utaratibu wake mzuri sana, ukiwa na vitenzi viwili vya mtu mmoja wakati mmoja, cha pili unaweza kukiacha bila nafsi na bila wakati, unakiwekea KU tu: alikula na kunywa, waliimba na kucheza. Hiyo kunywa inaegemea alikula. Nafsi iko kwenye alikula, wakati uko kwenye alikula. Ukiweka nukta katikati umeikata kutoka kwenye kitu inachoegemea, inabaki "Na kunywa", nani kanywa, lini, hakuna. Siyo sentensi. Na angalia vizuri, ukifuta Na hapo inabaki "Kuuliza bei." ambayo bado siyo sentensi. Kwa hiyo Na haikuwa mgonjwa, mgonjwa ni kitenzi kisicho na nafsi kilichoachwa peke yake. Dawa yake ni kuondoa nukta, "nikaanza kutafuta nyanya na kuuliza bei", au kumpa kitenzi nafsi yake, "Nikauliza bei".

Kipimo ninachowapa wanafunzi ni hiki: weka kidole juu ya neno la kwanza, Na au Lakini au lolote lile, usome kilichobaki kwa sauti. Kama kilichobaki kinasimama chenyewe, kina mtenda na kitenzi kamili, basi sarufi iko sawa na sasa tunaongea mtindo. Kama hakisimami, ni kosa, na ni kosa hata ungebadilisha lile neno la mbele mara mia.

"Naye bei ilikuwa juu." Hapa kuna mtego wa kwetu kabisa. Kwa Luganda naye ni "lakini". Kwa Kiswahili naye ni na pamoja na yeye, inamhusu mtu, au mnyama, aliye katika ngeli ya kwanza. Mtoto wa Kampala anaandika Naye akiwa na maana ya lakini na kwake iko sawa kabisa. Na mbaya zaidi mara nyingine haionekani, kwa sababu akiandika "Nilimwita. Naye hakuja" mwalimu anasoma "na yeye hakuja", anaona iko vizuri, anaweka alama ya ndiyo. Utaukamata mtego pale tu kinachofuata si mtu. Naye bei, naye mvua, naye pesa hazikutosha. Hapo upatanisho unakataa, bei inataka nayo, pesa zinataka nazo. Ukiona naye mbele ya kitu kisicho na uhai, ujue ni Luganda imepita hapo, na hilo ni kosa la sarufi la kweli, la ngeli, linastahili wekundu wote.

Kisha "Lakini nilikuwa na shilingi elfu kumi tu." Sarufi haina shida, kidole kinakubali. Lakini soma maana. Bei ilikuwa juu, na pesa zilikuwa kidogo. Hayo mambo mawili yanapingana? Hapana, yanakwenda upande mmoja, yote yanamzidishia mtoto shida. Lakini inataka mambo mawili yanayovutana. Hapa panatakiwa "nami nilikuwa na shilingi elfu kumi tu". Hili ni kosa la mantiki, na ndilo linalonisikitisha zaidi kuliko yote, kwa sababu kalamu inayozungushia kila Lakini haiwezi kuliona, limezungushiwa sawasawa na lile la chini yake ambalo ni sahihi.

Lile la chini yake ni "Lakini muuzaji alinipunguzia". Hapa ndipo hadithi inapogeuka. Pesa hazitoshi, msomaji anangoja mtoto arudi mikono mitupu, halafu muuzaji anapunguza. Hapo Lakini mbele ya sentensi, baada ya nukta, ndiyo mahali pake hasa. Ukiificha katikati kwa koma haikosei ila mgeuko unalegea. Mimi hapo ningeweka alama ya vizuri pembeni.

Na ya mwisho, "Na nikarudi nyumbani", ni KA tena, toa Na.

Ukimaliza inakuwa hivi: "Jumamosi mama alinituma soko la Nakasero. Nikapanda teksi, nikafika saa nne, nikaanza kutafuta nyanya na kuuliza bei. Bei ilikuwa juu, nami nilikuwa na shilingi elfu kumi tu. Lakini muuzaji alinipunguzia. Nikarudi nyumbani."

Katika zile nane, makosa ya sarufi ni mawili. La mantiki ni moja. Nne ni za kulundika, yaani mtindo, na moja ilikuwa sahihi na nzuri. Mtoto akipata maelezo hayo anajua kesho afanye nini. Akipata maduara nane anajua tu kwamba Kiswahili ni kigumu.

Sasa utaniuliza, kama KA inaunganisha kila kitu, Na ya mbele ina faida gani basi? Inayo, na ni kubwa, ila inapendeza zaidi ikishikana na nafsi: naye, nao, nayo, nami, nasi. Kazi yake ni kumhamisha msomaji macho kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine. KA inaendelea na uzi uleule, naye inageukia upande wa pili. "Kijana akapiga hodi, akangoja, akapiga tena. Naye mama mwenye nyumba alikuwa jikoni, hasikii." Ukitoa Naye hapo sentensi inasimama bado, lakini ile hisia ya kamera kugeuka inapotea. Rudi Mwanzo aya ya pili uone: "Nayo nchi ilikuwa ukiwa, tena utupu." Aya ya kwanza ilikuwa inamzungumzia Mungu, ya pili inageukia nchi, ndiyo maana ikaanza na Nayo. Aya ya tatu inarudi kwa Mungu kutenda, na inarudi kwa KA. Hivyo ndivyo ningewafundisha S2: ukibaki na mtu yuleyule tumia KA, ukihamia kwa mwingine una ruhusa ya naye. Mganda akijifunza hili vizuri naye inakuwa chombo chake badala ya mtego.

Iko na Na nyingine ambayo mkuu wako akiifuta anaharibu kabisa, ile ya kuamuru au kuomba. Na iwe hivyo. Na tuombe. Na ijulikane kwa wote kwamba. Hapo haiunganishi chochote, inasukuma kitenzi kile chenye E mwishoni kiwe ombi au tangazo, na kwa kawaida inakaa hapohapo mbele. Ni rahisi kuitambua: hakuna kilichotangulia ambacho inaunganisha nacho. Na kuna ya "Na wewe umekuja?" ambayo maana yake ni "hata wewe", hiyo ni ya mazungumzo zaidi lakini ndani ya insha yenye watu wanaoongea iache.

Upande wa Lakini na ndugu zake, mambo ni machache. Bali si Lakini. Bali inataka kitu kimekanushwa kwanza, halafu inaleta kilicho sahihi badala yake: hakuja kuuza bali kununua. Mtoto akiandika "Nilifurahi sana. Bali nilichoka" hilo ni kosa, hata kama lingekuwa katikati ya sentensi, kwa sababu hakuna kilichokanushwa. Ukirudi kwa ile Mathayo utaona Bali ya aya ya 37 imekuja baada ya "usiape", makatazo, ndiyo maana imekaa sawa. Na wala inakwenda na kukanusha, wala hakusema, wala usiape. Haya mawili kidogo yana sheria ngumu, lakini sheria yenyewe inahusu kukanusha, haihusu nafasi ya kwanza kwenye sentensi. Ila, ile ya "Ila mtoto huyu ana akili", ni tamu kwa mdomo na kwenye insha rasmi ningemshauri mtoto aweke Lakini.

Kosa lingine linalomchafulia Lakini jina ni hili: "Ingawa mvua ilinyesha. Lakini tulikwenda." Mwalimu anazungushia Lakini. Weka kidole: "tulikwenda", inasimama. Sasa soma ya kwanza, "Ingawa mvua ilinyesha", na uone unavyoachwa ukining'inia unangoja ilikuwaje. Iliyovunjika ni ya kwanza. Chagua moja, "Ingawa mvua ilinyesha, tulikwenda", au "Mvua ilinyesha. Lakini tulikwenda." Wengi wanaunganisha zote mbili kwa koma, ingawa mvua ilinyesha lakini tulikwenda, hiyo kwa mdomo imeenea sana na mimi sikati maksi nyingi kwayo, ila kwenye maandishi neno moja linatosha.

Na koma baada ya Lakini. Nimeanza kuiona sana miaka hii, "Lakini, mvua ilinyesha." Haihitajiki, soma kwa sauti utaona hupumui hapo. Inahitajika tu kama umechomeka kitu katikati, kwa mfano "Lakini, kama mama alivyosema, mvua ilinyesha", na hapo koma ni mbili, ya kufungua na ya kufunga.

Mtindo basi unabaki wapi? Unabaki kwenye wingi na mahali. Kwenye hadithi na insha ya masimulizi, Lakini moja kwenye aya pale jambo linapogeuka ni nzuri. Mbili zinazofuatana zinamgeuza msomaji, halafu zinamgeuza tena, mwisho hajui anaangalia wapi, kwa hiyo ukiziona jirani jiulize moja ipi ndiyo mgeuko wa kweli. Kwenye barua kwa mwenyekiti wa LC, yaani wa baraza la mtaa, au kwa ofisi, watu wanapenda "Hata hivyo" na "Vilevile" na "Aidha", na kwa barua ya hivyo ni sawa, sauti yake ni ya ofisini. Lakini usimwambie mtoto kwamba hayo ndiyo maneno sahihi na Lakini ni ya wajinga. "Hata hivyo" inafanya kazi ileile, inakaa mbele vilevile, na ikitumika pasipo mgeuko ni kosa lilelile la elfu kumi za Nakasero.

Kuhusu mkuu wako, usiende kubishana naye na kanuni. Nenda na karatasi moja iliyosahihishwa. Chagua insha yenye Na nyingi, tumia alama mbili tofauti: mstari chini ya zile ambazo kidole kimekataa, pamoja na ngeli za naye na bali zisizo na kukanusha, hizo ndizo mnakata maksi. Halafu herufi M pembeni ya zile za kulundika, M ya mtindo, hizo mnazihesabu lakini hamkati moja moja, mnazipima kwenye maksi za lugha kwa jumla. Mwonyeshe kwamba ukisahihisha hivyo bado unakamata fujo yote anayoichukia, na unakamata na zile ambazo kalamu yake inazipita, kama "Ingawa mvua ilinyesha" na kuuliza bei iliyofutiwa Na ikaachwa hivyohivyo.

Na kwa wanafunzi wanaokaribia mtihani wa mwisho, kuwa mkweli nao. Msahihishaji huko hawamjui, anaweza kuwa amelelewa kama mkuu wako, kwa hiyo waambie Na ya mbele waiache kabisa mbele ya KA, hapo hawapotezi kitu, naye waitumie kwa mtu tu, na Lakini ya mbele waiweke pale hadithi inapogeuka kweli. Anza nao wiki ijayo na zoezi la dakika chache: wape ile aya ya Nakasero kama ilivyo bila kuwaambia kuna makosa mangapi, kila mmoja apitishe kidole, wasome kwa sauti wawili wawili. "Na kuuliza bei" wataikamata wenyewe. Ile ya "Naye bei" ndiyo itakayowachelewesha, hapo simama mbele uandike ubaoni naye, nayo, nazo, na uwaulize kwa Luganda naye ni nini.